Shughuli nne, na bado Aprili tunakopa unga

SWALI

Washauri, habari za kazi. Tunaishi Tanga mjini, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ana bodaboda yake mwenyewe. Uani tuna kuku wa mayai 100, na tumepangisha chumba kimoja kwa 40,000 kwa mwezi. Mpangaji hulipa ya miezi sita, Januari na Julai. Matumizi ya nyumba pamoja na shule hayapungui 520,000 kwa mwezi. Anayetuangalia kwa nje anaona neema, lakini kila ikifika Aprili tumekauka. Mwaka huu tulikopa hadi unga, na mpaka sasa, Novemba, muuza chakula cha kuku anatudai 150,000. Januari pesa zilikuwepo, sijui zilipitia wapi.

Mume wangu anasema dawa ni shughuli ya tano: achukue pikipiki ya pili kwa mkataba, apeleke 9,000 kila siku, na ampe kijana aiendeshe kwa hesabu ya 10,000. Mimi naogopa. Chakula cha kuku nanunua 70,000 mfuko wa kilo 50. Trei nauza 8,000, Ramadhani inashuka mpaka 7,000. Nimewatumia picha za daftari langu la mwaka mzima. Tuongeze au tupunguze?

Mama Z., Tanga

JIBU

Mama Z., pikipiki ya pili isubiri. Tutakuonyesha kwa nini, ila kwanza turudi kwenye daftari lako, kwa sababu jibu la pesa za Januari limo humo humo.

Umeandika kila kilichoingia mkononi. Ukurasa wa Januari unasema "mayai 640,000", na kwa macho ya haraka kuku ndio wanaolisha nyumba kuliko cherehani. Sasa fuata chakula chao. Kuku wa mayai mmoja hula takriban gramu 120 kwa siku. Mia moja wanakula kilo 12, kwa mwezi kilo 360, yaani mifuko saba na robo kasoro kidogo. Kwa bei yako hiyo ni 504,000. Kwa upande wa mapato, kuku wako wanataga kama mayai 80 kwa siku, na kwa siku 30 unapata trei 80. Gawanya chakula kwa trei hizo, utaona kwamba katika kila trei ya 8,000, shilingi 6,300 ni za muuza chakula hata kabla hujazigusa.

Zinabaki 1,700. Dawa, chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, maranda na umeme tumevipa 200 kwa trei. Halafu kuna gharama ambayo wafugaji wengi wadogo hawaiandiki popote: kuku huzeeka. Anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na akifika wiki 75 au 80 mayai yamepungua kiasi kwamba chakula kinamshinda. Kumlea mpya tangu kifaranga mpaka atage, kwa bei za chakula unazonunulia, tunakadiria 13,000. Kwa kuku 100 ni 1,300,000. Ukiuza wazee 90 watakaokuwa wamebaki kwa 9,000 unapata 810,000. Pengo ni kama 490,000, na ukilitawanya kwa miezi 13 ya utagaji inakuja karibu 40,000 kwa mwezi, au 500 kwa trei.

Kwa hiyo kila trei ya 8,000 ina sehemu nne: 6,300 chakula, 200 dawa, 500 kuku wajao, 1,000 ya nyumba. Zile 640,000 zilikuwa na 80,000 tu yenu. Trei ikishuka hadi 7,000 wakati wa Ramadhani, vibanda vingi vya chipsi vinapofungwa mchana, sehemu ya nyumba inakuwa sifuri kamili. Na siku trei zikishuka chini ya 65 kwa mwezi, hata kwa bei ya 8,000, ujue cherehani inawalisha kuku.

Tenga sehemu hizo siku ile ile trei inapouzwa, usisubiri mwisho wa mwezi. Ya chakula iwe kwenye kopo lake au laini yake, na ikitosha mfuko mmoja, nunua mfuko mmoja. Tunasisitiza chakula kwa sababu mwezi ukibana ndicho watu hukikata kwanza. Wanaongeza pumba, mifuko saba inakuwa mitano. Kuku hatavumilia. Ndani ya siku chache mayai yanashuka, na ukirudisha chakula hayarudi kwa kasi ile ile. Mwezi Aprili ulikopa chakula badala ya kuwapunguzia kuku. Deni linauma, ila hapo hukukosea.

Bodaboda tumeipitisha kwenye chujio hilo hilo. Baba anarudi na 12,000 baada ya mafuta, lakini oili, tairi, cheni na bima vinadai kama 2,000 kwa siku, hata kama leo havijadai. Ya nyumba ni 10,000, na kwa siku 26 za kazi ni 260,000 katika mwezi mkavu. Masika anapoteza siku nzima kijiweni, na daftari linaonyesha Aprili na Mei ikishuka mpaka 150,000. Cherehani ina gharama ndogo ya uzi, vifungo na umeme, kwa hiyo tumechukua faida uliyoandika wewe mwenyewe. Kodi ya chumba tumeiacha ilivyo, 240,000 Januari na 240,000 Julai.

Baada ya kuchuja, hivi ndivyo mwaka wenu ulivyo, kwa maelfu ya shilingi: Januari 910, Februari 480, Machi 600, Aprili 310, Mei 350, Juni 580, Julai 800, Agosti 520, Septemba 520, Oktoba 490, Novemba 490, Desemba 730. Jumla ni 6,780,000. Ukigawa kwa 12 unapata 565,000 kwa mwezi, na nyumba inakula 520,000. Kipato chenu kwa mwaka kinatosha, Mama Z., na kinabakisha kama 540,000. Tatizo lenu ni tarehe.

Tazama Aprili. Mvua imemkalisha baba kijiweni. Cherehani iliyokuingizia 400,000 mwezi wa Idd imeanguka hadi 80,000, kwa sababu kila aliyetaka kushona ameshashona. Harusi nazo hazijarudi: Ramadhani watu hawaoi, Kwaresma makanisani harusi hazifungwi, na miaka hii vipindi hivyo viwili vimepandana. Kodi ya chumba inalipwa Januari na Julai, yaani miezi ambayo tayari mna nafuu, na Aprili haina hata senti yake. Shughuli zenu ni nne kwa majina, lakini tatu kati yake zinategemea hali ya hewa ile ile na sikukuu zile zile.

Kipimo tunachokitumia ni kina cha shimo. Toa 520 kwenye kila mwezi, kisha jumlisha miezi yenye upungufu inayofuatana. Aprili inapungua 210, Mei inapungua 170. Shimo lenu ni 380,000. Hicho ndicho kiasi kinachotakiwa kuwa kando usiku wa tarehe 31 Machi, la sivyo mtakopa, hata kama Januari mlikuwa mabwana. Miezi mingine inayopungua, Februari kwa 40 na Oktoba na Novemba kwa 30 kila mmoja, haihitaji mkakati wowote. Inamezwa na masalio ya Januari na Julai.

Watu wengi hapa husikia "weka akiba ya miezi sita" na kukata tamaa. Miezi sita kwenu ni zaidi ya milioni tatu. Mnachokihitaji kwanza ni 380,000, na Januari peke yake inabakisha 390,000. Mwaka huu ilibakisha kiasi hicho hicho, lakini ilionekana kama pesa ya ziada kwa sababu ilikaa kwenye simu moja na pesa ya chakula cha kuku na kodi ya miezi mitano iliyokuwa haijafika. Hapo ndipo ilipopitia.

Sasa tuanze kulifukia shimo kwa jambo lisilogharimu chochote, nalo ni kodi ya chumba. Zungumza na mpangaji mwezi huu wa Novemba, msisubiri alete pesa. Mwambie Januari alipe miezi mitatu tu, 120,000, kisha kuanzia Aprili arudi kwenye utaratibu wa miezi sita: Aprili na Oktoba. Wapangaji wengi watakubali kwa furaha, maana Januari nao wana ada na sare za watoto. Liandikwe kwenye mkataba na lisainiwe, kwa sababu mazungumzo ya Novemba husahaulika Aprili. Baada ya hapo Aprili yenu inatoka 310 na kuwa 550. Mei inabaki na upungufu wake wa 170, na huo peke yake ndio shimo. Kutoka 380,000 hadi 170,000 bila kuongeza kazi wala saa moja ya kushona. Hatari yake ni moja: mpangaji anaweza kuhama Machi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza msiitegemee kodi hiyo mpaka iwe mkononi, na tafuteni jibu lake la kubaki au kuhama kabla Februari haijaisha.

Kama unacheza mchezo, fanya vivyo hivyo. Mwombe kijumbe zamu yako iangukie Mei. Watu hugombania Desemba na mwezi wa Idd, kwa hiyo Mei mara nyingi hupati mpinzani. Ila mchango wa kila wiki unaendelea hata mvua ikinyesha, hivyo uuhesabu ndani ya zile 520, usiwe juu yake. Na hakikisha hudaiwi marejesho ya kikoba mwezi huo huo, maana zamu ya mchezo itaingilia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma.

Njia ya kuzigawa pesa ndiyo tunaiona kuwa kiini cha jambo lenyewe. Fungueni kapu moja: akaunti ya benki au laini ya simu ambayo haitumiki kununua vocha wala kulipia dukani. Kila shughuli inamwaga humo sehemu ya nyumba peke yake. Baba anatuma 10,000 yake kila jioni, na siku ya mvua anatuma alichopata. Wewe unatuma 1,000 ya kila trei na faida ya kila nguo iliyochukuliwa na kulipwa. Kapu nalo linailipa nyumba mshahara usiobadilika wa 520,000, Januari na Aprili sawa sawa. Mwezi wa neema mshahara haupandi. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na tunashauri mlizungumze wote wawili kabla ya Desemba, maana pesa ya sare za shule na ya Idd huja ikiwa imeshapangiwa matumizi na ndugu wa pande zote mbili.

Ulipeni mshahara kwa tarehe, msitumie Jumamosi. Watu hupanga 100,000 kila Jumamosi na 120,000 ya bili mwanzo wa mwezi, wakidhani ni 520,000. Lakini mwaka una Jumamosi 52, kwa hiyo miezi minne hivi ina Jumamosi tano, na kila mmoja unavuta 100,000 isiyo na mwenyewe. Laki nne kwa mwaka zinatoweka kimya kimya. Tumieni tarehe 1, 8, 16 na 24: 100,000 kila tarehe, na ile ya kwanza iende pamoja na 120,000 ya umeme, maji na shule.

Cherehani yenyewe ina pa kurekebishwa. Kwanza, chukua nusu ya malipo unapopima, hasa nguo za Idd. Fundi anayeshona kwa ahadi hubaki na magauni yamening'inia ukutani mpaka Mei, na kila moja ni pesa yako iliyofungwa wakati unapoihitaji. Pili, Aprili na Mei usingoje nguo mpya. Weka kibao cha kubadili zipu, kupunguza, kukata mapazia na kushona mashuka. Bei ni ndogo, lakini kazi hizo hazijui sikukuu na hulipwa papo hapo. Wapo watakaokushauri ushone akiba ya sare Mei ili uziuze shule zikifunguliwa Julai. Wazo ni zuri kwa mwenye kitambaa ndani. Kukinunua Mei, mwezi mnaopungua 170, ni kuchimba shimo juu ya shimo. Ukitaka kufanya hivyo, kitambaa kinunuliwe Januari kwa pesa ya cherehani, na kiwe cha shule moja au mbili unazozijua rangi na vipimo vyake.

Kuna jambo moja la kalenda ambalo mafundi wa pwani wanapaswa kuliangalia kila mwaka. Idd el Fitr hurudi nyuma kama siku 11 kwa kalenda ya kawaida. Mwaka 2018 ilikuwa katikati ya Juni. 2025 ilikuwa 31 Machi. Wakati ule pesa ya Idd ilikuja baada ya masika na kuliziba shimo. Sasa inakuja kabla yake, na kila mwaka inasogea mbali zaidi. Kuelekea 2030 na 2031 itaangukia Februari mwanzoni, kisha Januari, juu ya msimu wa sare za shule. Mikono yako ni ile ile miwili, kwa hiyo hutashona vyote. Sehemu ya kazi itaenda kwa fundi mwingine, na Machi itakuwa tupu. Shimo la miezi miwili litakuwa la miezi mitatu au minne. Kushuka kwa bei ya mayai nako kutasogea pamoja na Ramadhani. Kwa hiyo usiichukue kalenda tuliyokuchorea ukaibandika ukutani kwa miaka mitano. Kila Novemba ichore upya, Idd ikiwa mahali pake mapya.

Sasa pikipiki ya mkataba. Mwezi mkavu kijana ataleta 10,000 kwa siku 26, yaani 260,000. Mwenye pikipiki anataka 9,000 kila siku, na siku za mwezi ni 30: 270,000. Hata kabla ya tairi, mmepungukiwa 10,000 kwenye mwezi mzuri. Aprili kijana atasema ukweli kwamba hakuna abiria. Tuseme analeta 6,000. Kwa siku 26 ni 156,000, na mkataba unadai 270,000 zake vile vile. Pengo ni kama 115,000 kwa mwezi, Aprili na Mei ni 230,000, na shimo la 380,000 linakuwa 610,000. Mkishindwa, pikipiki inachukuliwa pamoja na yote mliyokwisha kulipa. Faida ipo, lakini iko mwisho wa mkataba, pikipiki inapokuwa yenu. Mwambie baba kwamba hatulipingi wazo lake. Tunapinga kuifunga kwenye kamba pikipiki ya pili inayolowa mvua ile ile na ya kwanza. Akipata pikipiki bila mkataba wa kila siku, au kapu likiwa na 600,000 mwezi Machi ukiisha, hesabu itabadilika.

Kwa kila wazo la shughuli ya tano, ulizeni: Aprili litapatwa na nini, litakufa au litapona? Kibanda cha chipsi kitaangukia Ramadhani pamoja na mayai yenu, kwa hiyo hakijaongeza kitu. Genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba halifi Ramadhani, watu wanafuturu. Ila masika nyanya huoza haraka, kwa hiyo anzeni na ya kuuza siku mbili. Mkaa wa kupima kwa kopo huenda kinyume na mvua: masika unaadimika na bei hupanda. Magunia matano yaliyonunuliwa Februari kwa muuzaji mwenye vibali, yakiwekwa juu ya mbao mahali pasipovuja, yatauzika Aprili. Mtaji wake ni mdogo na haumdai mtu kila siku.

Kuku nao waandaliwe wasije wakaongeza shimo la pili. Umri wao hatuuoni daftarini. Kama wanakaribia wiki 75, msiwauze wote 100 Krismasi kwa sababu bei ni nzuri, halafu mkaleta vifaranga Januari. Vifaranga hao hawatataga mpaka Mei mwishoni, huku wakila tangu siku ya kwanza, na mtaingia masika bila yai hata moja. Uzeni 50, leteni vifaranga 50, na nusu ya pili ifuate miezi sita baadaye. Wakae mabanda tofauti, maana wakubwa huwaambukiza wadogo. Pesa ya kuwalea ndiyo ile 500 ya kila trei. Kama mwaka huu haikutengwa, anzeni na vifaranga 30.

Kwa kuanzia Novemba hii, hesabu yenu inakwenda hivi. Novemba inapungua 30. Desemba inabakisha 210, na humo lipeni lile deni la 150,000 la chakula cha kuku lote kwa mara moja, ili Januari isifunguliwe na mdai mlangoni. Kapu linaingia mwaka mpya na 30,000. Januari, kodi ikiwa ya miezi mitatu tu, inaongeza 270, na kapu linakuwa na 300. Februari linashuka hadi 260, Machi linapanda hadi 340. Aprili, kodi ya miezi sita ikilipwa, linafika 370. Mei linateremka hadi 200, na masika yameisha bila mkopo.

Alama mbili za kuangalia: 300,000 tarehe 31 Januari na 340,000 tarehe 31 Machi. Ikiwa Januari kapu lina 200,000 tu, msingoje muujiza wa Idd. Punguzeni mshahara wa nyumba kuanzia Februari kutoka 520 hadi 495, na miezi minne mpaka Mei itarudisha laki moja iliyokosekana. Elfu 25 kwa mwezi zinavumilika. Laki moja kwa mkupuo katikati ya Aprili ndiyo inayompeleka mtu kwenye mikopo ya simu, ambako ada hukatwa kabla hujanunua hata kilo ya sembe.

Likivuka 600,000, ile ya juu msiiache kwenye laini ya simu inayoshikika kwa namba nne za siri. Ipelekeni benki, au kwenye Mfuko wa Ukwasi wa kampuni ya uwekezaji ya UTT AMIS, ambako inaongezeka kidogo na kuitoa huchukua siku chache za kazi. Siku hizo chache ni faida kwenu: pesa isiyotoka usiku huo huo haiendi kwenye mchango wa harusi uliotajwa jioni. Zile 380,000 za kwanza zibaki karibu, kwa sababu mvua ikianza mapema mwezi Machi, kama inavyotokea Tanga, hamtakuwa na wiki ya kusubiri.

Meza ya Ushauri